Mkono wa Mama Mwaga

Mwanamke ninayetaka kusimulia habari zake hajui kutia kitu nusu. Mpe birika, kikombe kitajaa, kisahani kitajaa, na wewe utaondoka na chai kwenye soksi. Alipokuwa akipiga deki wodi, wauguzi walipita wameshika ukuta. Nyumbani, mumewe ambaye ni fundi cherehani ameshahamisha meza yake ya kukatia vitambaa kutoka dirishani, kwa sababu mkewe alikuwa anamwagilia ua moja dogo tu lililokaa juu ya dirisha, na suruali za watu zikawa zinaoga. Ndiyo maana darasa letu la jioni lilimpa jina la Mama Mwaga. Aliliitikia tangu siku ya kwanza bila kununa, maana hana kinyongo na mtu.

Mwenye kinyongo ni mimi. Mimi ni fundi wa maabara, na maabara haielewani na mtu wa namna hiyo.

Shule yetu mchana ni ya watoto. Jioni wanaingia watu wazima wanaorudia mitihani: madereva, wauza duka, askari mmoja mwenye sauti nene, mama wa watu. Mwalimu wa kemia anafundisha ubaoni, mimi natayarisha miyeyusho, naosha vioo, na ninazungukia meza kuangalia mikono yao inafanya nini. Wananiita Bwana Tone. Nikipita nyuma yao husema neno hilohilo: tone, tone, tone jingine, tikisa, tazama. Wengine huniigiza nikigeuka. Nawasikia, si kiziwi.

Mama Mwaga alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali iliyo upande wa pili wa barabara. Kwa miaka mingi alikuwa amebeba maboksi ya dawa kutoka stoo hadi kwenye dirisha la famasi, akayaweka chini, akarudi kwenye ndoo yake. Alizijua dawa kwa rangi za maboksi na kwa uzito wake begani. Alichotaka ni kukaa upande ule mwingine wa dirisha. Chuo cha wasaidizi wa famasi kilikuwa kinapokea wahudumu wa hospitali, lakini kwa sharti la kufaulu kemia, nadharia na vitendo, na kwa sharti la umri. Kwenye nadharia alikuwa anapeta. Vitendo vilikuwa vimemwangusha mara mbili, na mwaka uliofuata umri wake ungepita. Kwa hiyo ilikuwa mwaka ule au basi tena. Hilo alituambia sote waziwazi, akicheka, huku akimjazia askari chai mpaka ikafurika.

Kilichomwangusha ni kitu kidogo ukikisikia. Mwanafunzi anapewa kichupa chenye maji yaliyoyeyushwa chumvi fulani. Ndani yake kuna metali, lakini imejificha, huioni. Kitabuni wanaiita katayoni. Kazi yako ni kuitoa mafichoni kwa chupa mbili tu: sodiamu hidroksaidi, ile dawa kali inayoteleza vidoleni na kula ngozi, na amonia, ile inayokupiga puani kabla hujaifungua vizuri. Unachukua kidogo cha ule myeyusho kwenye neli ya kioo, unatia tone la dawa, unatazama kama kuna ukungu mzito unaotokea na kutaka kutuama. Hayo ndiyo mashapo. Unaandika rangi yake. Kisha unatia dawa nyingi, ndiyo ziada, na unatazama kama mashapo yanabaki au yanayeyuka. Unarudia yote kwa dawa ya pili kwenye neli nyingine. Ukiunganisha majibu ya pande zote mbili, metali inajitaja yenyewe.

Siku ya kwanza niliwapa shaba, maana shaba haina siri. Kila mtu alitia tone la amonia akapata mashapo ya samawati ya kupauka, akaongeza, mashapo yakayeyuka na neli nzima ikawa ya buluu iliyokolea. Mama Mwaga yeye aliinua chupa ya amonia, akaimimina kama anayeosha mikono ya mgeni.

"Yallah!" alipiga kelele. "Tazameni uzuri huu! Nikipata kitambaa cha rangi hii mume wangu ananishonea gauni leo leo."

"Na mashapo je?" nikamuuliza.

"Mashapo gani?"

"Yaliyotangulia. Ya kupauka."

Alitazama neli yake, akanitazama mimi. "Mwalimu, mimi nimeona buluu tu."

"Mimi si mwalimu. Ni fundi wa maabara."

"Anayenigombeza ni mwalimu," alisema, na darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona ugonjwa wake.

Shaba ilimsamehe, kwa sababu mwishoni ilimwachia rangi. Zinki haisamehe. Ukiitia sodiamu hidroksaidi tone moja, unapata mashapo meupe. Ukiizidishia, meupe yote yanayeyuka na maji yanarudi kuwa maangavu kana kwamba hukufanya lolote. Sasa mtu anayemimina anafikia ziada kabla jicho halijaona mwanzo. Nilimpa zinki wiki ile ile. Alimimina, akatikisa, akainua neli kwenye taa.

"Hamna kitu humu," alitangaza. "Ni maji matupu. Bwana Tone umetuchezea."

Damu ilinichemka. Nilimwambia hamna kitu kichwani mwake, kwenye neli kipo. Nilimwambia mengine pia ambayo fundi wa maabara hapaswi kumwambia mama mtu mzima. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akafuta meza kwa kitambaa chake, akasema, "Haya. Nionyeshe."

Basi nikamwonyesha. Nilimnyang'anya mazoea ya chupa, nikampa dropa, kile kijiti cha kioo chenye mpira kichwani. Nikamwambia asiguse mdomo wa chupa mpaka nitakapokufa. Aliweka myeyusho wa zinki kidogo, kimo cha ukucha, akaminya tone moja. Meupe yakatokea, mazito kama maziwa yaliyoganda. Aliiinua neli kwenye taa.

"Kumbe yalikuwepo," alisema.

"Yalikuwepo siku zote. Ulikuwa unayapita mbio."

Akaongeza tone, akaongeza, akatikisa, na meupe yakaanza kuwa mepesi, yakaisha. Alirudia mara nyingi jioni ile, mpaka mlinzi akaja kugonga funguo mlangoni.

Baada ya hapo ilikuwa kama nimemtia wazimu. Mumewe alinisimanga njiani. Alisema mkewe anakaa jikoni na dropa ya dawa ya macho iliyooshwa, anadondosha maji kwenye kijiko, tone, anatikisa, anatazama, na chakula kinaungua. "Fundi, nirudishie mke wangu," alisema. Nilimwambia mafundi tusiingiliane, yeye ashike sindano yake.

Darasani akawa bingwa wa mwanzo. Kwenye chuma aliona mashapo ya kijani kichafu, akayaacha kwenye kishikio cha neli, na baadaye akaniita nione juu yake yamegeuka kahawia. "Kama parachichi lililokatwa," alisema. Ilikuwa sawasawa: hewa inakila kile chuma cha kijani na kukigeuza kuwa kile kingine, cha kahawia. Kwenye kalsiamu aliona meupe yasiyoyeyuka hata ungeimwagia pipa zima la sodiamu hidroksaidi, na kwenye amonia hakuona kitu, akasema hakuna kitu, na safari hii kweli hakukuwa na kitu. Nilimpigia makofi, mimi mwenyewe.

Lakini mkono wake ulibadilika hadi nje ya maabara. Wakati wa mapumziko sasa alitupimia chai. Askari alipokea kikombe, akakiinamisha, akachungulia ndani.

"Mama Mwaga, hii ni chai au umenionjesha?"

"Tone, tone," alijibu, na wote wakanigeukia mimi kwa macho mabaya. Nilikunywa nusu kikombe changu nikitazama dirishani. Nilijiambia mtihani ukipita chai itarudi.

Siku ya mtihani wa vitendo nilifika mapema kuliko wafagiaji. Amonia niliichanganya asubuhi hiyohiyo, maana ukiichanganya jana gesi yake inakwenda zake na unabaki na maji yenye jina kubwa. Kichupa cha swali kilikuwa na herufi moja tu, K. Mimi nilijua ni nini, kwa kuwa ndiye niliyetayarisha, na nilikuwa nimeapa kutomwambia hata mke wangu. Ilikuwa zinki. Niliposoma maagizo niliyapokea kwa furaha, kisha nikakumbuka upande wa pili wa zinki na furaha ikanywea.

Upande wenyewe ni huu. Zinki na alumini ni kama pacha. Zote mbili zinatoa mashapo meupe kwa sodiamu hidroksaidi, na mashapo ya zote mbili yanayeyuka ukizidisha. Risasi nayo ni hivyo hivyo. Hapo huwezi kuzitenganisha. Kinachoitenga zinki ni amonia: mashapo ya zinki yanayeyuka kwenye ziada ya amonia, ya alumini na risasi hayayeyuki ng'o. Kwa hiyo swali zima liko kwenye hatua ya mwisho. Na amonia si kali kama mwenzake, inataka uizidishe hasa. Nilipojaribu mwenyewe asubuhi, kuhakikisha kila kitu kinafanya kazi, nililazimika kuongeza na kuongeza na kutikisa ndipo weupe ukaisha.

Msimamizi alikuwa mama mmoja aliyeletwa kutoka shule nyingine, mwenye miwani ya mnyororo na viatu vinavyolia. Alinisomea masharti yangu: nitabaki chumbani kujaza chupa zikipungua na kusafisha kitu kikivunjika, sitazungumza na mtahiniwa, sitamwonyesha ishara. Nilitia saini. Watahiniwa wakaingia wamevaa makoti yao meupe. Mama Mwaga alikaa meza ya pili karibu na sinki. Hakunitazama. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, na niliyajua maneno yake.

Alianza vizuri mpaka nikataka kupiga vigelegele. Myeyusho kidogo, kimo cha ukucha. Dropa ya sodiamu hidroksaidi, tone. Meupe. Akainama, akaandika. Tone, tone, akatikisa, akaongeza, maji yakawa maangavu. Akaandika. Mtu aliyekuwa akisema hamna kitu humu! Nilijaza chupa ambayo haikuwa imepungua, ili mikono yangu ipate shughuli.

Akachukua neli ya pili. Amonia, tone. Meupe. Akaandika. Akaongeza matone machache, polepole, amebana pumzi. Akatikisa. Meupe yamebaki. Akaongeza kidogo, tone, tone jingine, akiminya ule mpira kama anaogopa kuuumiza. Akatikisa. Meupe bado. Akaiweka neli kwenye kishikio chake, akachukua kalamu.

Roho ilinitoka. Nilitaka kumwambia, mama, hiyo si ziada, hiyo ni salamu! Nilikuwa nimemtisha miezi yote asimimine, na sasa mahali pekee palipotaka kumimina yeye alikuwa ananitii. Alumini, ndivyo atakavyoandika. Alumini, na chuo kitafungwa kwake, na atarudi kubeba maboksi mpaka mgongo ukatae. Jasho lilinitiririka chini ya koti. Koo liliniwasha, na nikajua nikikohoa tu atageuka, na akigeuka atauona uso wangu, na uso wangu haujui kuficha kitu. Viatu vya msimamizi vilikuwa vinalia nyuma ya meza ya tatu.

Nikampa mgongo. Nilikwenda kwenye sinki nikaanza kuosha bika la kioo ambalo lilikuwa safi. Nililiosha ndani, nikaliosha nje. Nilimchukia aliyetunga mtihani, nikachukia dropa, nikajichukia mimi na matone yangu.

Ndipo nikasikia sauti.

Ilikuwa glu-glu-glu. Kimiminika kinachotoka chupani kwa mdomo wake wote, bila haya. Sauti niliyoigombeza jioni baada ya jioni, sauti ambayo ningeitambua hata nikiwa usingizini. Ilitoka meza ya pili. Mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Amemimina. Lakini amemimina nini, na kwenye neli ipi? Kama ameanza upya kwa hasira, kama amerudi kwenye ugonjwa wake wa zamani, yameisha. Harufu ya amonia ikanifikia puani. Sikugeuka. Macho yalinitoka machozi, na naapa ilikuwa amonia, kwa sehemu kubwa.

Karatasi zilipokusanywa na kufungwa kwenye bahasha, nilimngoja kwenye korido. Alitoka akijipepea kwa kitambulisho chake.

"Ulimimina," nilisema. Sikuweza kusalimia.

"Nilimimina, mwalimu. Nisamehe."

"Nini? Wapi? Sema haraka."

"Amonia. Neli ya pili." Aliegemea ukuta. "Nilikuwa nimeshaandika mashapo meupe. Nikaanza kuandika hayayeyuki kwenye ziada. Nilipofika kwenye neno ziada nikaitazama ile neli. Hata robo haijafika. Nikajiuliza, wewe mama, toka lini hiki kwako ni kingi? Mgeni akija kwangu nikamtilia hivi, si atasema nimemfukuza? Nikajua hapo ninasema uongo. Nimeandika ziada na sijatia ziada. Basi dropa nikaiweka pembeni, nikamwambia Bwana Tone moyoni anisamehe, nikaishika chupa."

"Ikawaje?"

Alitabasamu pole pole, yule mwanamke, ili anitese. "Nikatikisa. Weupe ukawa kama moshi, halafu kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Halafu hamna kitu, mwalimu. Maji matupu. Lakini safari hii niliona kilichokuwepo kabla."

"Ukaandika nini?"

"Nimefuta neno hayayeyuki. Nimeandika zinki."

Nilimkumbatia pale pale koridoni, mbele ya askari na mbele ya msimamizi na viatu vyake. Mimi ambaye sipendi hata kushikwa mkono. Askari alisema ameishi kuona mengi lakini hilo hakulitegemea. Jioni ile ile chai ilirudi ilivyokuwa, na hakuna soksi iliyobaki kavu.

Juzi mjukuu wangu alisumbuliwa na kifua, nikampeleka hospitali iliyo ng'ambo ya barabara. Kwenye dirisha la famasi kulikuwa na foleni, na mbele yetu mama kijana amembeba mtoto mchanga. Nyuma ya kioo alikuwepo yeye, koti jeupe, miwani mipya, kichupa kidogo mkononi. Alikuwa anamwonyesha yule mama jinsi ya kumpa mtoto dawa. Alitoa dropa kichupani, akaiminya juu ya kijiko, taratibu, uso umekaza.

"Tone," alisema. "Subiri alimeze. Tone jingine. Usiharakishe, mama yangu, na usizidishe hata moja. Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Haya, nionyeshe wewe."

Yule mama akaonyesha. Aliminya mawili kwa pamoja, na Mama Mwaga akamrudisha mwanzo, bila kumgombeza, naye akarudia tena, mpaka likatoka moja. Mimi nilisimama na mjukuu wangu nikitazama kijiko kile.

Zamu yetu ilipofika alipiga ukelele uliogeuza foleni nzima. Alimpa mjukuu wangu kidonge chake cha kwanza palepale, akachukua gilasi na jagi la maji ili akimeze. Akamimina. Maji yakafika ukingoni, yakapita, yakashuka kwenye kaunta, yakaja moja kwa moja kwenye viatu vyangu. Mjukuu wangu alinitazama, akingoja nipige kelele kama ninavyopiga nyumbani.

"Kunywa," nilimwambia. "Kunywa yote."